YAH: KUBADILISHIWA FULANA 6 ZA RISITI NAMBA 0417, SI KURUDISHIWA FEDHA

Kikundi cha Wabangua Korosho,
Mitwero, Lindi.
Jumanne, 22 Julai 2025

Kwa Muuzaji,
Duka la Fulana, Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu muuzaji, salaam.

Mzigo tumeupokea jana jioni stendi ya Lindi, ukiwa haujafunguliwa. Hesabu imetimia: fulana za kola 18, kwa shilingi 14,000 kila moja, jumla 252,000. Zilizoagizwa ni L 10 na XL 8, zote rangi ya damu ya mzee. Zilizofika zina kasoro mbili.

Ya kwanza ni rangi. Fulana 6 ni nyekundu (L 4 na XL 2). Picha ya kwanza tuliyowatumia WhatsApp imepigwa nje mchana, nyekundu ikiwa pembeni ya damu ya mzee, maana chini ya taa ya dukani rangi hizi hudanganya macho.

Ya pili ni saizi, na hapa tafadhali angalieni vizuri. Fulana 4 za damu ya mzee zimekuja kwenye mifuko yenye stika ya XL, lakini lebo ya shingoni inasema L. Tumezilaza mezani tukapima kwapa hadi kwapa: sm 54, sawasawa na L nyingine. Zile XL mbili za kweli zina sm 57. Picha ya pili inaonesha stika na lebo pamoja, ya tatu inaonesha futi ya fundi juu ya kifua. Yaelekea stika zilikosewa zilikofungwa, kwa hiyo hata mifuko iliyobaki kwenye shelfu yenu huenda ina tatizo hilohilo.

Ukizijumlisha, damu ya mzee za L tunazo 10 tayari, yaani zile 6 za halali na hizi 4 zilizopotea njia. Zinazopungua ni XL 6. Kwa hiyo hatuhitaji kurudisha fulana 10. Tunarudisha nyekundu 6, nanyi mnatuma damu ya mzee XL 6. Bei ni ileile, hakuna wa kumwongeza mwenzake.

Fedha hatuziombi, na sababu ni tarehe. Fulana hizi ni za banda letu la Nane Nane, viwanja vya Ngongo, na maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti. Mchapaji wa hapa anataka siku mbili za kuweka nembo kifuani. Tukipewa shilingi 84,000 mkononi leo, bado watu sita watasimama bandani na nguo za nyumbani, na tukinunua kwingine damu ya mzee haitafanana na hii.

Nyekundu zote hazijafuliwa wala kuchapwa, lebo zipo, mifuko ipo. Mbili zilijaribiwa juu ya nguo nyingine, basi.

Tunaomba iwe hivi: leo mtujibu kama XL 6 zipo. Zikiwepo, kesho asubuhi nyekundu tunazipandisha basi la Dar na kuwatumia picha ya risiti ya mzigo. Mkiiona risiti, zetu zipakieni Alhamisi bila kungoja mzigo wetu mkononi, zitufikie kabla ya Jumatatu, tarehe 28. Kabla ya kufunga, toeni kila fulana mfukoni, someni lebo ya shingoni, pimeni kifua. Stika msiiamini. Tupigieni picha lebo zote sita zikiwa zimepangwa pamoja.

Nauli ya mizigo yote miwili tunaomba iwe yenu, kwa kuwa agizo letu la WhatsApp limetaja rangi na idadi ya kila saizi. Ya kurudisha tutatanguliza sisi hapa Lindi. Mtatutumia kwa simu kiasi kilichoandikwa kwenye risiti.

Tumeona risiti yenu imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Hilo tunalielewa kwa mteja aliyebadili mawazo. Sisi bado tunaitaka bidhaa tuliyoilipia, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo.

XL zikiwa zimeisha, XXL za rangi hiyohiyo tutazipokea. L hatuzitaki tena, wala damu ya mzee ya kiwanda kingine, kwa sababu mistari ya kola itatofautiana. Mkikosa zote mbili, semeni kabla ya Alhamisi mchana. Hapo ndipo tutaongea habari ya 84,000.

Wenu katika biashara,

Katibu wa Kikundi
(kwa namba ileile iliyofanya malipo)