Mpango wa Kampeni ya Fistula, Handeni na Kilindi, Aprili hadi Julai 2026
Sehemu ya Tatu: Wadau na Ramani ya Ujumbe

Sehemu hii imeandikwa kwa ajili ya bodi, wafanyakazi wetu wanne na watu wa kujitolea watakaokwenda vijijini. Aliyekosa muda wa kusoma sehemu nyingine asome hii, maana ndiyo inayoeleza kwa nini sehemu kubwa ya fedha za kampeni hazielekezwi kwa wagonjwa wenyewe.

Nani anaamua

Lengo liko wazi: wanawake wenye fistula, yaani tundu linalowafanya wavuje mkojo au kinyesi baada ya uzazi, wafike zahanati, wapewe rufaa, wasafiri, wafanyiwe upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, haitozi matibabu ya fistula, na tangu mwaka 2009 nauli ya mgonjwa imekuwa ikitumwa kwa M-Pesa kwa balozi wa kujitolea wa hospitali hiyo aliye karibu naye. Kikwazo cha fedha kimepunguzwa sana, lakini bado wapo wanaokaa ndani miaka na miaka.

Tulipoorodhesha watu ambao mgonjwa huwapitia kabla hajapanda basi, mgonjwa mwenyewe hakuwa na kauli ya mwisho hata hatua moja. Ruhusa ni ya mume. Aliyeachwa anasubiri kauli ya kaka au baba. Mama mkwe ndiye anayesema nani atabaki na watoto. Mkunga wa jadi au mganga wa kienyeji ndiye aliyeambiwa kwanza, na neno lake ndilo linalobaki kichwani. Kwa hiyo tumewapima wadau kwa maswali mawili: ana nguvu gani ya kumzuia au kumruhusu huyu mwanamke, na suala hili linamgusa kiasi gani leo, kabla sisi hatujafika?

Waume na kaka wana nguvu kubwa, na suala haliwagusi sana. Hapo ndipo tunapoweka nusu ya fedha za matangazo na jioni zote za mikutano. Mama wakwe na wakunga wa jadi wana nguvu kubwa na suala linawagusa, lakini kwa hofu. Waganga wa zahanati, manesi wa kliniki ya mama na mtoto na wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wako upande wetu, ila wengi hawana uhakika wa njia ya rufaa. Hao hawahitaji kampeni, wanahitaji karatasi moja yenye utaratibu na namba ya kupiga.

Wagonjwa suala linawagusa kuliko mtu yeyote, na nguvu yao ni ndogo kuliko ya wote. Hatuwaachi, lakini tunawafikia kupitia watu, si kupitia mabango.

Wadau wanaohitaji uangalifu

*Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake.* Bila baraka yao hakuna zahanati itakayotupokea. Hofu yao inaeleweka: fistula husababishwa hasa na uchungu pingamizi uliochukua muda mrefu bila msaada, na nyingine hutokea wakati wa upasuaji. Kampeni ikisemwa vibaya itasikika kama kesi dhidi ya wahudumu wao. Waone ujumbe wote kabla haujarushwa, na sentensi yoyote yenye neno «uzembe» iondolewe hata kama mwandishi wa habari ataililia. Afisa maendeleo ya jamii naye apewe nakala, maana shughuli za mashirika wilayani ziko chini ya macho yake.

*Wakunga wa jadi.* Wamechoka kusemwa. Kila semina inawakuta ni watuhumiwa, kwa hiyo wengine huficha mgonjwa ili wasiulizwe nani alimzalisha. Kwao tuna sharti moja lisilojadiliwa: hakuna mtu wetu atakayeuliza uzazi ulifanyikia wapi. Mkunga anayemsindikiza mgonjwa zahanati anarudishiwa nauli na anashukuriwa mbele ya mtendaji wa kijiji.

*Waganga wa kienyeji.* Hatuwashambulii redioni. Tukiwashambulia watajibu, na wao wana wasikilizaji kuliko sisi. Tunawaomba jambo dogo tu: mwanamke anayevuja mkojo tangu ajifungue apite zahanati pia.

*Maimamu, wachungaji na malaigwanani, viongozi wa jadi wa Kimaasai, Kilindi.* Mwanamke anayevuja hujitenga na ibada kwa kuona hana twahara. Imamu akisema msikitini kuwa maradhi hayamtoi mtu katika dini, na kwamba mwenye udhuru ana utaratibu wake wa kuswali, amefanya kazi ambayo tangazo letu haliwezi. Kwa vijiji vya wafugaji, mkutano hauitishwi kabla laigwanani hajaombwa. Aende mzee wa bodi, asitumwe kijana wa kujitolea.

*Waandishi wa habari.* Watataka sura na machozi. Jibu ni hapana. Mwanamke aliyetibiwa na anayetaka kusema atatoa sauti bila jina wala kijiji, baada ya kuelezwa na mtu asiye mfadhili wala bosi wetu kwamba anaweza kukataa na asipoteze kitu. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, kijiji kina kumbukumbu ndefu. Najua mjumbe mmoja wa bodi anapenda picha za kabla na baada. Napendekeza tumpe picha za zahanati.

*Wafadhili.* Waarifiwe kila mwezi kwa barua ya ukurasa mmoja. Wasiandikiwe ujumbe wa kampeni, na ujumbe wa kampeni usiandikwe kwa ajili yao.

Ujumbe mkuu

Huu ndio unaorudiwa na kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa bodi hadi dereva. Una maneno 24:

«Mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua hakulogwa wala hakukosea. Anaugua fistula, na hutibika. Matibabu CCBRT hayalipiwi, nauli inatumwa kwa simu. Mpeleke zahanati wiki hii.»

Tumeweka «hutibika», hatukuweka «wote hupona», na tofauti hiyo ilindwe. Wapo wanaohitaji upasuaji zaidi ya mmoja, na wachache huendelea kuvuja. Tukiahidi kupita kiasi, mgonjwa mmoja akirudi bado analowa atazima kampeni katika kata nzima.

Ramani ya ujumbe kwa waume na kaka

Swali lao la kwanza ni gharama. *Ujumbe:* hutauza mbuzi wala kukopa. *Hoja:* upasuaji haulipiwi. Nauli ya mgonjwa ipo. Zahanati ndiyo inayoanza kupiga simu.

La pili ni muda. *Ujumbe:* ni wiki kadhaa, si miezi. *Hoja:* baada ya upasuaji hukaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki mbili, akiangaliwa wodini. Kabla ya hapo kuna vipimo na kusubiri zamu. Msemaji asitaje tarehe ya kurudi. Aseme «hospitali itakupigia».

La tatu halisemwi kwa sauti: je, atakuwa mke tena? *Ujumbe:* ndiyo, mkifuata masharti. *Hoja:* wasikutane kimwili kwa takriban miezi mitatu. Mimba inayofuata azalie hospitali, na kwa kawaida kwa upasuaji. Hili lisemwe na mwanamume, kijiweni, si na nesi mbele ya mkutano wa hadhara.

Tangazo la redio linabeba swali la kwanza tu. Litasomwa na sauti mbili za kiume:

— Kaka, dada yako haonekani siku hizi.
— Anaumwa. Tangu ajifungue mkojo haukai. Wanasema amefanyiwa mambo.
— Hajafanyiwa mambo. Ile ni fistula, inatibika.
— Sina hela ya Dar es Salaam, ndugu yangu.
— Nani kakuambia hela? CCBRT hawatozi, na nauli inatumwa kwa simu. Kesho mpeleke zahanati.
— Kesho?
— Kesho asubuhi. Au bipu namba hii, utapigiwa.

Kubipu kumewekwa kwa makusudi. Anayepiga huenda hana salio, na huenda simu ni ya jirani. Kwa sababu hiyohiyo hatutumi ujumbe mfupi wenye neno fistula kwa mtu yeyote: simu moja inasomwa na nyumba nzima. Anayepiga akikata, anayepigia tena aanze kwa kuuliza tu, «Naongea na nani, na unaweza kuzungumza sasa?»

Kwa wengine, kwa kifupi

Mama mkwe: «Mwanao hakuoa mke mbovu. Uchungu ulikawia, mtoto alibana, nyama ikafa.» Maelezo ya mwili huondoa maelezo ya uchawi vizuri kuliko kukemea uchawi. Anayesema ni mwanamke wa rika lake, kwenye kikoba.

Mkunga wa jadi: «Ukimleta, hutaulizwa chochote.» Na la ziada: uchungu ukivuka jua kuchwa na kuchomoza, gari litafutwe.

Mhudumu wa afya: «Usimkatie tamaa aliyekaa na fistula miaka 20, muda mrefu haumzuii kupokelewa.» Na aliyejifungua hivi karibuni akaanza kuvuja asiambiwe asubiri: tundu jipya dogo laweza kuziba kwa mpira wa mkojo pekee, mradi awahi.

Mgonjwa: «Hauko peke yako, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.»

Uvumi tuliokwishausikia

Kwamba Dar es Salaam wanatoa kizazi. Jibu: upasuaji ni wa kuziba tundu, mgonjwa huelezwa kabla, naye ndiye anayeridhia. Tusirudie uvumi wenyewe redioni, tutoe jibu tu pale unapoulizwa. Kwamba nauli ni mtego wa kuandikishwa mikopo. Jibu: hakuna karatasi ya fedha anayotia sahihi, na mtendaji wa kijiji anaweza kuuliza kwa niaba yake.

Mgonjwa akirudi bila kupona, msemaji ni mratibu peke yake, na neno lake ni: «Bado yuko kwenye matibabu, na safari ya pili tunaisimamia.»

Mpangilio na vipimo

Masika yanakata njia za vijiji vya ndani vya Kilindi, kwa hiyo Aprili na nusu ya Mei tunabaki kando ya lami ya Handeni hadi Mkata, na Kilindi tunawategemea wahudumu wa afya na redio. Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, Mei 23, mwaka huu ni Jumamosi. Tukio la halmashauri lifanyike Ijumaa asubuhi na liishe kabla ya swala. Vijiji vya ndani tunaviingia Juni, barabara zikikauka.

Tutahesabu simu kwa kata, na kwa kila simu tutaandika aliyepiga ni nani: mume, kaka, mama, nesi, mgonjwa. Ikiwa hadi mwisho wa Mei waume na kaka hawajafika theluthi moja ya wapigaji, tangazo linabadilishwa na fedha za Juni zinahamia kwenye vijiwe na minada.

Kabla ya kurekodi, tangazo lisomwe kwa madereva wa bodaboda watano wa Mkata na wanawake watano wa kikoba Chanika. Waombwe warudie walichosikia. Wakirudia gharama na zahanati, linarekodiwa. Wakirudia uchawi, linarudi mezani. Bodi inaombwa kuidhinisha sehemu hii kabla ya Machi 20, ili nakala ya Mganga Mkuu wa Wilaya ifike kwake ikiwa na muda wa kukataliwa.