Mpango Mkakati 2026–2030: Maji na Vyoo Vijijini, Wilaya za Handeni na Kilindi

Umepitishwa na Mkutano Mkuu wa wanachama, Desemba 2025

Tulipo

Mwaka 2024 Shirika lilipokea shilingi milioni 910. Kati ya hizo, milioni 640 zilitokana na chanzo kimoja, nacho kilitegemea misaada ya Marekani. Misaada hiyo iliposimamishwa Januari 2025, wafanyakazi 22 walibaki 9 na magari mawili yakaegeshwa. Mwaka 2025 tunaufunga kwa mapato ya milioni 310.

Lakini fedha siyo tatizo letu pekee. Ukaguzi tulioufanya Oktoba 2025 katika vijiji 31 ulikuta pampu za mkono 118, na 47 kati yake hazitoi maji. Nyingi zimekwama kwa kukosa mpira wa vali, fimbo au fundi, vitu ambavyo gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kuchimba kisima. Kwa miaka mingi tulihesabu mafanikio kwa visima vipya, kwa sababu ndivyo wafadhili walivyopenda kupiga picha.

Mradi wa maji wa miji 28, unaojengwa kwa mkopo wa India, unahusisha Handeni pamoja na Korogwe, Muheza na Pangani. Hatutashindana nao, wala na RUWASA. Vijiji vyetu viko mbali na bomba, na vitaendelea kutegemea pampu na malambo kwa kipindi chote cha mpango huu.

Tunachokipa kipaumbele

Kwanza ni matunzo ya pampu. Kufikia Desemba 2030, pampu zisizopungua 100 kati ya 118 ziwe zinatoa maji siku yoyote tutakayokwenda bila taarifa, na pampu iliyoharibika itengenezwe ndani ya siku tano tangu kijiji kipige simu. Kila kijiji kitakuwa na fundi wake aliyefunzwa nasi, na angalau nusu ya mafundi watakuwa wanawake. Sababu yetu ni ya kiutendaji: vijana wa kiume tuliowafunza zamani wengi wamehamia mjini wakiwa na spana zetu. Chombo cha watumia maji kitalipa Shirika shilingi 15,000 kwa mwezi kwa kila pampu, nasi tutaleta vipuri na fundi mkuu kwa kazi inayomshinda fundi wa kijiji.

Ada hii ilijadiliwa sana. Wajumbe wawili wa Bodi waliona si haki kuwatoza watu ambao mwaka wa ukame huuza kuku ili wanunue unga. Tumekubaliana kwamba chombo cha maji, si Shirika, ndicho kitakachoamua kaya zipi zisamehewe, na kwamba hakuna pampu itakayofungwa kwa sababu ya deni. Hata hivyo ada inabaki. Kijiji kinacholipa kina haki ya kutufokea tukichelewa, na sisi tunahitaji kufokewa.

Pili ni vyoo vya shule za msingi. Tutafanya kazi katika shule 12 tu. Kila moja itapata matundu ya kutosha, maji ya kunawa na chumba cha kubadilishia kwa wasichana walio kwenye hedhi, na kamati ya shule itaonyesha bajeti ya sabuni na usafi kabla hatujaanza kuchimba shimo. Shule isiyo na bajeti hiyo itasubiri.

Tunaacha mambo matatu: uchimbaji wa visima vipya, kitalu cha miti na mikopo ya vikundi. Kitalu kitakabidhiwa kikundi cha vijana kufikia Juni 2026. Vikundi vya mikopo vitaelekezwa halmashauri, kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mfadhili akitujia na fedha za kisima kipya tutamshukuru na kumwonyesha orodha ya pampu 47.

Watu na uwezo

Tutatoka wafanyakazi 9 hadi 14, si kurudi 22. Wa kwanza kuajiriwa ni mhasibu msaidizi, katika robo ya kwanza ya 2026. Kwa sasa mhasibu mmoja huandaa malipo, huyaingiza vitabuni na hulinganisha taarifa za benki. Hajakosea, lakini mkaguzi wa hesabu hawezi kuliandika hilo kama mfumo. Mwaka 2027 ataajiriwa ofisa wa rasilimali fedha, kwa mshahara na bila kamisheni. Mafundi wakuu wawili na ofisa mmoja wa shule watafuata mapato yakiruhusu, na msaidizi wa mkurugenzi ataanza Januari 2028.

Nafasi hiyo ya mwisho inahusu urithi wa uongozi. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwanzilishi, atastaafu Desemba 2028. Wafadhili wanamjua yeye kuliko wanavyolijua Shirika. Kuanzia 2026 kila mkutano na mfadhili utahudhuriwa na watumishi wawili, na mikataba yote itahifadhiwa ofisini, si kwenye simu ya mtu.

Mikataba ya ajira itakuwa ya miaka miwili, si ya miezi sita inayofuata mradi. Michango ya NSSF italipwa kwa wakati hata mwezi ambao ruzuku imechelewa.

Vyanzo vya fedha

Bajeti itapanda kutoka milioni 360 mwaka 2026 hadi milioni 600 mwaka 2030.

| Chanzo | 2026 | 2030 | Milioni, 2030 |
|---|---|---|---|
| Ruzuku za wafadhili | 85% | 60% | 360 |
| Kazi za mkataba | 7% | 18% | 108 |
| Michango ya watu na kampuni | 3% | 8% | 48 |
| Faida ya duka la vipuri | 2% | 7% | 42 |
| Ukumbi na ada za wanachama | 2% | 4% | 24 |
| Ada za matunzo ya pampu | 1% | 3% | 18 |

Ruzuku zitabaki nguzo. Anayedai duka la vipuri litaliendesha Shirika hajawahi kuuza vipuri. Kinachobadilika ni kwamba kufikia 2030 wafadhili watakuwa wanne au zaidi, na hakuna atakayetoa zaidi ya asilimia 25 ya mapato yote. Kazi za mkataba ni kupima ubora wa maji, kufundisha vyombo vya watumia maji na kusimamia ujenzi wa vyoo kwa mashirika mengine. Duka litalipa kodi kama duka lingine lolote. Kila andiko la mradi litaomba gharama za uendeshaji zisizopungua asilimia 12, na tutakataa ruzuku isiyolipia hata mafuta ya pikipiki.

Kila mwaka milioni 12 zitawekwa akiba, zifike milioni 60 mwaka 2030, yaani gharama za msingi za miezi minne. Kuzigusa kunahitaji saini za wajumbe wawili wa Bodi. Fedha zinazozidi milioni 20 zitatangazwa hadharani kama kanuni za 2018 zinavyotaka, na nakala itabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji husika.

Mapato yakiporomoka

Mapato yakishuka kwa zaidi ya robo ndani ya mwaka, tutakata kwa utaratibu huu bila kusubiri kikao cha dharura: safari na semina kwanza, kisha ujenzi wa vyoo ambao haujaanza, kisha nafasi zilizo wazi. Matunzo ya pampu na mishahara ya mafundi vitaguswa mwisho.

Mapitio

Bodi itapitia mpango huu kila Februari, kwa kutumia hesabu zilizokaguliwa na matokeo ya ziara za kushtukiza kwenye pampu. Mapitio ya kati yatafanyika Juni 2028, miezi sita kabla ya mkurugenzi kuondoka, na yatahudhuriwa na wawakilishi wa vyombo vya maji kutoka vijiji vyote 31, wenye haki ya kupiga kura kuhusu kiwango cha ada.