Hati ya Madai ya Kisheria kwa Kampuni Inayodaiwa: Salio la Mchele wa Igurusi

KINU CHA MKOJI LTD
Igurusi, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, Tanzania

12 Mei 2025

Wakurugenzi,
Nafaka za Mwambao Ltd,
Ofisi iliyosajiliwa: Godauni Na. 7, Barabara ya Lunga Lunga, Eneo la Viwanda,
Nairobi, Kenya.

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: MADAI YA SHILINGI ZA KENYA 6,617,600 CHINI YA KIFUNGU CHA 384(1)(a) CHA SHERIA YA UFILISI YA KENYA, NAMBA 18 YA MWAKA 2015

Hii si barua nyingine ya kukumbushana. Barua za kukumbushana tumekwisha kuziandika, na mlizijibu kwa maneno mazuri. Hati hii ina matokeo ya kisheria, na tunawaomba muisome nzima, ikiwezekana mkiwa na wakili wenu, kabla ya kuamua lolote. Tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyofanyia biashara tangu siku ya kwanza, na ni lugha rasmi kwenu kama ilivyo kwetu.

1. Deni limetokana na nini

Kwa mkataba wa mauzo wa tarehe 22 Julai 2024, tuliwauzia mchele daraja la kwanza, wenye unyevu usiozidi asilimia 14, kwa bei ya shilingi za Kenya 128 kwa kilo, ukishushwa kwenye godauni lenu Nairobi. Malipo yalikuwa ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa kila shehena. Mkataba unasema utatawaliwa na sheria za Kenya. Hauna kipengele cha usuluhishi wala cha riba, na kwa hiyo katika hati hii hatudai riba hata senti moja.

Malori matatu yaliondoka Igurusi tarehe 2 Agosti, 23 Agosti na 13 Septemba 2024, yakapitia Namanga. Kila lori lilibeba magunia 560 ya kilo 50, yaani kilo 28,000, na kila ankara ilikuwa ya shilingi 3,584,000. Jumla ya ankara tatu ni shilingi 10,752,000. Lori la mwisho lilipokelewa tarehe 17 Septemba 2024, hivyo malipo yake yaliiva tarehe 17 Oktoba 2024. Ya malori mawili ya mwanzo yalikuwa yameiva kabla ya hapo.

Mlilipa shilingi 2,500,000 tarehe 1 Oktoba na shilingi 1,500,000 tarehe 19 Novemba 2024. Hakuna kilichofuata baada ya hapo.

2. Hesabu, pamoja na tulichokiondoa

Ankara tatu ni 10,752,000. Toa malipo ya 4,000,000, inabaki 6,752,000.

Katika lori la tatu turubai lilitoboka, na magunia sita yakafika yameloa. Mtunza ghala wenu aliandika kwa mkono wake kwenye hati ya kupokelea mzigo: "554 makavu, 6 yameloa," akaweka sahihi na mhuri wa kampuni. Alikuwa sahihi. Tulipunguza kilo 300 kwa hati ya marekebisho ya ankara, thamani yake shilingi 38,400. Salio likawa 6,713,600.

Tarehe 2 Aprili 2025 mlituandikia kwa mara ya kwanza kwamba lori la pili lilichelewa mpakani, na mnatudai shilingi 96,000 za vibarua na nafasi ya godauni iliyokaa tupu. Hatukubaliani na dai hilo. Hata hivyo, hatutaki jambo hili kubwa likwame kwenye jambo dogo. Kwa ajili ya hati hii peke yake, na bila kukiri kwamba tunawajibika, tumeiondoa shilingi 96,000 yote kama kwamba mmeshinda. Haki yetu ya kuidai kwa njia ya kawaida inabaki palepale.

Kinachodaiwa hapa, basi, ni shilingi za Kenya 6,617,600. Ni fedha ambazo hata ninyi hamjawahi kusema hamdaiwi.

3. Kwa nini tunasema deni halina ubishi

Tarehe 31 Januari 2025 mlitupa hundi ya shilingi 2,000,000. Benki iliirudisha bila kulipwa. Mtu hutoa hundi kwa deni analolitambua.

Tarehe 14 Machi 2025 meneja wenu wa fedha alituandikia kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni: "Tunathibitisha kwamba salio letu kwenu ni shilingi 6,713,600. Mauzo yamekuwa ya polepole, tunaomba mtuvumilie." Barua hiyo haikutaja ubora wa mchele, upungufu wa uzito wala ucheleweshaji wa mzigo. Mchele wote mliupokea, na hakuna gunia mlilolirudisha.

Uvumilivu tuliouombwa tuliutoa, na gharama yake hatukuibeba sisi peke yetu. Mpunga ule tuliukopa kwa wakulima wa skimu za Mbarali kwa ahadi kwamba tutawalipa mchele ukiuzwa. Uliuzwa. Sasa mavuno mapya yameanza kushuka, na mkulima ambaye hajalipwa mpunga wa mwaka jana hawezi kutuletea wa mwaka huu, wala hatuna uso wa kumwomba. Hili si hoja ya kisheria na hatuliweki hapa kama hoja. Tunalisema ili mjue kwamba nyuma ya tarakimu hizi kuna watu wanaosubiri ada za watoto na fedha ya mbolea.

4. Tunachowataka mfanye

Ndani ya siku 21 baada ya siku hati hii itakapoachwa kwenye ofisi yenu iliyosajiliwa, mfanye mojawapo ya haya: mlipe shilingi 6,617,600 zote katika akaunti iliyoandikwa kwenye ankara zetu, au mliwekee deni dhamana, au mfikie nasi makubaliano juu yake. Dhamana au makubaliano hayo yawe ya kumridhisha mdai kwa kipimo cha busara.

Mjumbe wetu ataikabidhi hati hii Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, na ataapa kiapo cha kuikabidhi. Ikikabidhiwa siku hiyo, siku 21 zitaisha Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Kuhusu makubaliano, tuseme wazi ili msipoteze muda wenu na wetu. Ahadi ya mdomo haitatosha, wala hundi nyingine ya tarehe ya mbele. Dhamana ya benki itatosha. Malipo ya nusu ya deni papo hapo, na nusu iliyobaki kwa awamu zisizozidi tatu za kila mwezi zikiwa na dhamana ya maandishi ya wakurugenzi wenyewe, tutayapokea kwa moyo mweupe.

5. Msipofanya hivyo

Kwa mujibu wa kifungu cha 384(1)(a), kampuni inayodaiwa shilingi laki moja au zaidi, ikiachiwa madai ya maandishi kwenye ofisi yake iliyosajiliwa, na ikapitisha siku 21 bila kulipa, kuweka dhamana au kufikia makubaliano, huhesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake. Kutoweza kulipa madeni ni sababu mojawapo, chini ya kifungu cha 424, ya Mahakama Kuu kuamuru kampuni ifilisiwe. Sisi kama wadai tunaruhusiwa na kifungu cha 425 kupeleka maombi hayo, na tutayapeleka bila kuwaandikia tena.

Mnajua wenyewe maana yake. Maombi ya kufilisi hayawi siri kati yetu na ninyi: benki zitayajua, na wauzaji wengine watayajua. Amri ikitolewa, mfilisi ndiye atakayeshika mali ya kampuni, na wakurugenzi hawatakuwa na kauli juu yake. Hatuna hamu ya kufika huko, kwa kuwa kampuni iliyo hai hutulipa vizuri zaidi kuliko iliyofilisiwa.

6. Haki yenu ya kuomba hati hii itenguliwe

Kudai haki yetu hakutupi ruhusa ya kuwaficha yenu. Kama mnaona hati hii haistahili, mnaweza kuiomba Mahakama Kuu ya Kenya iitengue, au itoe zuio tusipeleke maombi ya kufilisi. Fanyeni hivyo kabla siku 21 hazijaisha, kwa maombi yenye hati ya kiapo na vielelezo. Vigezo vilivyo katika kanuni ya 17 ya Kanuni za Ufilisi za mwaka 2016 viliandikwa kwa mdaiwa ambaye ni mtu binafsi, lakini mahakama imevitumia pia kupima madai dhidi ya kampuni. Hati inaweza kutenguliwa:

(a) ikiwa deni linabishaniwa kwa sababu ambazo mahakama inaziona ni za msingi. Hii ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote. Kesi ya kufilisi si chombo cha kukusanyia deni lenye ubishi wa kweli. Deni la namna hiyo hupelekwa kwenye kesi ya kawaida, likasikilizwe kwa ushahidi. Lakini ubishi uwe wa kweli. Kukana kwa maneno matupu, au sababu iliyozuka baada ya madai kufika, hakutoshi. Kama mna barua, vipimo vya maabara au hati ya kupokelea mzigo inayosema tofauti na tulivyosema hapa, tuleteeni sisi kwanza. Tukiona tumekosea, tutaiondoa hati hii wenyewe;

(b) ikiwa mna dai la kukabili, au deni la kukatana na letu, linalolingana na kiasi tunachodai au kukizidi. Dai pekee mlilowahi kulitaja ni lile la shilingi 96,000, na tumekwisha kulitoa;

(c) ikiwa sisi tunashikilia dhamana ya deni hili na hatukuitaja, au thamani ya dhamana hiyo inatosha kulilipa lote. Hatushikilii dhamana yoyote: si mali, si hati, si mdhamini;

(d) ikiwa mahakama itaridhika kwamba kuna sababu nyingine ya haki. Hapa ndipo zinapoingia kasoro kama deni kutoiva bado, kuwa chini ya laki moja, au hati kupelekwa mahali pasipo ofisi iliyosajiliwa. Anwani iliyo juu tumeichukua kwenye taarifa ya kampuni yenu iliyotolewa na Idara ya Usajili wa Biashara, na mjumbe ataiacha hapo hata kama amekwisha kuwaonyesha nakala kwingine.

Kukosa fedha kwa sasa si sababu ya kutengua. Biashara kuwa ngumu si sababu pia, ingawa kwa hilo tunawaonea huruma ya kweli, maana na kwetu ni ngumu.

7. Mawasiliano

Mnaweza kuzungumza nasi kuhusu hati hii kupitia simu na anwani pepe zilizoko kwenye kichwa cha ankara zetu, au kufika ofisini kwetu Igurusi, mkabala na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, siku yoyote ya kazi. Mazungumzo hayatasimamisha hesabu ya siku 21 isipokuwa tumekubaliana hivyo kwa maandishi.

Tumeambatisha nakala za mkataba, ankara tatu, hati tatu za kupokelea mzigo, hati ya marekebisho ya magunia sita, hundi iliyorudishwa, na barua yenu ya tarehe 14 Machi 2025.

Imetiwa sahihi Igurusi kwa niaba ya mdai, Kinu cha Mkoji Ltd, na

Atupele Mwakyoma
Mkurugenzi Mtendaji, aliyeidhinishwa kwa azimio la bodi la tarehe 9 Mei 2025