Mahojiano kwa simu: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Tarehe 14/5/2024, saa 4:10 hadi 4:28 asubuhi. Jalada namba 20816. Mwanaume, miaka 47.

Amepiga mgonjwa mwenyewe. Nimehakiki jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jalada. Mkewe alikuwepo, simu ikiwa kwenye spika kwa ridhaa ya mgonjwa. Maswali ya choo na ya tendo la ndoa nimeyauliza spika ikiwa imezimwa. Laini ilikatika mara moja. Nimepiga mimi tukaendelea.

Sababu ya simu: maumivu ya kiuno siku ya 4. Anataka eksirei na sindano ya maumivu.

Historia: Aliinama kunyanyua gunia kazini tarehe 10/5, akasikia kiuno "kimekaza". Kesho yake maumivu yakaanza kushuka kalio la kushoto, nyuma ya paja, hadi ubavu wa nje wa mguu. Ni makali akikaa au akikohoa, yanapungua akitembea taratibu. Usiku analala, anaamka akigeuka. Anayapa 7 kati ya 10. Siku ya kwanza yalikuwa 8. Hajaanguka wala kugongwa.

Dalili za hatari, kila moja imeulizwa kwa jina: anakojoa kawaida, mkojo unatoka bila kusukuma na anasikia unapopita, mara ya mwisho saa 3 asubuhi. Haja kubwa anaizuia vizuri. Hana ganzi sehemu za siri, kwenye makalio wala mapaja ya ndani. Akijifuta chooni anasikia kama kawaida. Nguvu za kiume hazijabadilika. Hana homa, jasho la usiku wala kupungua uzito. Hajawahi kuugua saratani wala kifua kikuu, hatumii steroidi, hajidungi dawa. Mguu wa kulia hauna shida yoyote.

Historia ya nyuma na dawa: presha tangu 2019. Enalaprili miligramu 10 na hidroklorothiazidi miligramu 25, kila moja mara 1 kwa siku, anasema hakosi. Hana mzio wa dawa, hana historia ya vidonda vya tumbo. Kreatinini ya mwisho jaladani, Novemba 2023: 96, ya kawaida.

Nilipouliza "umemeza nini kingine?" alisema hakuna. Mkewe ndiye aliyetaja vidonge vya diklofenaki walivyonunua dukani: kimoja asubuhi na kimoja jioni tangu tarehe 11/5. Mgonjwa anasema hakuvihesabu kuwa dawa kwa sababu hakuandikiwa.

Uchunguzi kwa simu: anaongea sentensi nzima bila kukatisha, hana sauti ya mtu aliyelemewa. Mkewe akimwangalia, ametembea hatua 10 kwa ncha za vidole na 10 kwa visigino. Kwa maelezo ya mke hakuna mguu ulioburuzika na kisigino cha kushoto hakikushuka. Ganzi ndogo juu ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Sikuweza kupima refleksi, hisia za sehemu za siri, kuinua mguu ulionyooka, wala presha.

Tathmini: maumivu ya kiuno yenye mgandamizo wa mzizi wa neva upande wa kushoto, huenda ni S1. Kwa maelezo yake leo hakuna dalili ya mgandamizo wa neva za mkia wa uti wa mgongo. Eksirei haitabadilisha matibabu kwa sasa. Nimemweleza, amekubali shingo upande. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya mgongo ni diklofenaki juu ya enalaprili na hidroklorothiazidi: mafigo na presha.

Ushauri uliotolewa: aache diklofenaki leo na asinunue ibuprofeni badala yake. Parasetamoli miligramu 1000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na asichanganye na dawa za mafua zenye parasetamoli. Dawa za presha aendelee. Akitapika, akiharisha au akishindwa kunywa, asitishe zote mbili na atupigie siku hiyohiyo. Asilale kitandani kutwa. Atembee mara nyingi kwa muda mfupi, asikae zaidi ya nusu saa. Asinyanyue mizigo kwa wiki 1. Cheti cha kazini kitatolewa akishaonwa, si kwa simu. Nimemwambia maumivu ya namna hii kwa kawaida hupungua kwa wiki kadhaa, na kwamba kuendelea kuuma peke yake si dalili ya hatari.

Maelekezo ya tahadhari: aende idara ya dharura ya hospitali MARA MOJA, usiku au mchana, bila kusubiri simu yangu na bila kuendesha gari mwenyewe, iwapo: atashindwa kukojoa au asisikie mkojo ukipita, mkojo au kinyesi kitamtoka bila kujua, ganzi itaingia sehemu za siri, kwenye makalio au mapaja ya ndani, mguu utalegea au unyayo uburuzike, maumivu yatahamia miguu yote miwili, au nguvu za kiume zitapotea ghafla. Sababu nimempa: neva zikibanwa hapo, kuchelewa kwa saa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Pia aende akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami.

Atupigie siku hiyohiyo akipata homa, mkojo ukipungua, miguu ikivimba, au maumivu yakimzuia kutembea.

Uelewa: nimemwomba anirudishie kwa maneno yake. "Nikishindwa kukojoa, au nikijifuta nisisikie, au mguu ukilegea, sisubiri kesho, naenda dharura." Alisahau miguu miwili, nimerudia, akataja. Mke ameandika orodha na kunisomea. Usafiri upo hata usiku, kwa jirani.

Mpango: aonwe ana kwa ana Alhamisi 16/5 saa 3 asubuhi: uchunguzi kamili wa neva, presha, kreatinini na potasiamu. Asipofika hadi saa 5, mapokezi wanijulishe nimpigie. Nikimkosa, nampigia mkewe, namba ipo jaladani na mgonjwa ameridhia.

Daktari wa zamu, wagonjwa wa nje. Imeandikwa saa 4:35 asubuhi.

NYONGEZA, 14/5/2024, saa 11:40 jioni. Maelezo ya asubuhi yameachwa kama yalivyo.

Mke amepiga, ana pakiti mkononi. Vidonge ni diklofenaki ya miligramu 100 inayotoka polepole, si ya 50 kama nilivyodhani asubuhi bila kuuliza. Kwa hiyo amemeza miligramu 200 kwa siku kwa siku 3, na kimoja leo asubuhi kabla ya simu. Kiwango cha juu ni 150. Nimeongea na mgonjwa pia: amekojoa mara 3 tangu asubuhi, kiasi cha kawaida, hajavimba, choo si cheusi, anakunywa maji. Ganzi haijapanda. Maumivu 6 kati ya 10.

Badiliko: presha, kreatinini na potasiamu kesho 15/5 saa 2 asubuhi badala ya Alhamisi, fomu ya maabara imewekwa mapokezi. Enalaprili na hidroklorothiazidi za kesho asimeze hadi nimpigie majibu kabla ya saa 8 mchana. Uchunguzi wa neva nao unafanyika kesho hiyohiyo, na miadi ya Alhamisi imefutwa. Maelekezo ya dharura hayajabadilika. Mke ameyasoma tena kutoka kwenye karatasi yake, yote yamo. Daktari wa zamu ya usiku amearifiwa kwa mdomo saa 12:05 jioni.