YAH: OMBI LA KUSAJILIWA MASHINE YA GEMU KWENYE MTANDAO WA BWENI

Bweni B, Chumba Na. 14,
Mtwara.
20 Novemba 2024

Mkuu wa Ofisi ya Mtandao,
Kitengo cha TEHAMA,
Mtwara.

Kupitia: Mlezi wa Bweni B

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, fani ya Ununuzi na Ugavi. Naomba ofisi yako iisajili mashine yangu ya gemu, PlayStation 4, ili itumie tundu la mtandao lililo ukutani chumbani kwangu. Naomba pia uniwie radhi, maana barua hii ilipaswa kukufikia mwezi uliopita, kabla sijafanya nilichofanya. Nitalieleza hilo hapa chini.

Waifai ya bweni inamtaka kila mtu aingie kwa namba yake ya usajili na nywila yake, kwa mfumo wa WPA2-Enterprise. Simu na kompyuta zinaliweza hilo. PS4 haiwezi. Yenyewe inajua Waifai ya nyumbani, yenye nywila moja kwa watu wote, na haina hata mahali pa kuandika jina la mtumiaji. Nikaona nijaribu waya. Nilipochomeka na kupima, kioo kilionyesha hivi:

```
Obtain IP Address      Successful
Internet Connection    Failed
```

Yaani swichi yenu imenipokea na kunipa anwani, lakini nimesimamishwa mlangoni kwenye ule ukurasa wa kuingia. Kwa bahati PS4 ina kivinjari chake, nikaufungua ukurasa huo kwa mkono, nikaandika namba yangu kwa pedi, herufi moja moja, na intaneti ikapatikana. Furaha yangu ilidumu saa moja. Muda wa ukurasa ulipoisha nilikuwa dakika ya 80, naongoza bao moja, mechi ikakatika na nikaandikiwa nimeshindwa. Hilo la mechi nimelimeza. Lililoniuma ni kwamba namba moja ya usajili inaruhusu kifaa kimoja kwa wakati mmoja, hivyo kila ninapowasha PS, kompyuta yangu inatupwa nje. Usiku mmoja aliyekuwa akiitumia hiyo kompyuta ni mwenzangu wa chumba, anapakia kazi ya kundi zikiwa zimebaki dakika kumi. Tuliongea maneno ambayo si ya kuandikwa kwenye barua ya ofisi.

Baada ya hapo ndipo nilipokosea. Niliigawa intaneti ya kompyuta yangu kwa PS, na mlipoona vifaa viwili vinapita kwa jina moja mkanifungia siku tatu. Mlikuwa sahihi. Wenzangu walinishauri nikanunue raouta ndogo mjini na kuichomeka ukutani, nikakataa, kwa sababu niliishi hapa muhula uliopita. Mtakumbuka ile jioni mtu wa ghorofa ya chini alipochomeka raouta yake kinyume, waya wa ukutani ukaingia kwenye matundu yake ya ndani. Kikaanza kile kiraouta kugawa anwani za 192.168 kwa bweni zima, kana kwamba ndicho seva yenu. Kila mmoja wetu alikuwa na alama ya waifai imejaa na hakuna ukurasa unaofunguka. Tulilaumu nyaya za baharini, tulilaumu mvua, hadi fundi wenu alipokuja na tochi akigonga chumba hadi chumba. Ndiyo maana naomba kusajiliwa waziwazi, si kutafuta uchochoro.

Ninachoomba ni kwamba anwani ya MAC ya mashine, ile ya waya, iingizwe kwenye orodha ya vifaa vinavyopita bila ukurasa wa kuingia, kwa jina langu na kwa tundu la chumba changu peke yake. Naelewa mnafanya hivyo kwa mashine za kuchapa, ambazo nazo hazina wa kuziandikia nywila. Anwani hiyo nimeiandika kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na picha ya kioo cha mashine inapoonekana. Sikutaka kuiweka hapa kwa kuwa barua hupita mikono mingi, na mwenye kuijua anaweza kuivalisha kompyuta yake akapita kwa jina langu.

Kwenye fayawoli siombi mlango wowote ufunguliwe kutoka nje kuja ndani, wala anwani ya hadharani. Inatosha mashine iruhusiwe kutoka kwa njia hizi:

```
TCP  80, 443, 3478-3480
UDP  3478-3479
```

Za UDP ndizo zenye kazi. Zikizuiwa, PS itaingia kwenye akaunti na kushusha vitu kama kawaida, ila itasoma `NAT Type 3`, na hapo kukutana na mchezaji mwingine ni kubahatisha. `Type 2` inanitosha kabisa. Kama gemu itahitaji UDP nyingine ya kutoka, nitaileta kwenu kwanza.

Najua hofu ya ofisi ni kasi ya mtandao, na hapo niseme jambo ambalo wengi wanalichanganya. Mechi yenyewe hailemei mtandao, inatumwa taarifa ya nani kabonyeza nini na mpira uko wapi, ni nyepesi kuliko video. Mzigo uko kwenye masasisho, ambayo yanaweza kufika gigabaiti kadhaa kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo niwekeeni kikomo cha kasi mtakachoona kinafaa. Masasisho nitayaacha hadi baada ya saa 6 usiku, na ile kawaida ya mashine kujisasisha yenyewe nimeshaizima. Wiki za mitihani mnifungie kabisa, sitakuja kulalamika. Usajili nao ufe muhula unapoisha, nikiuhitaji tena niombe upya.

Pengine utauliza kwa nini nisiende vibanda vya gemu mjini kama wengine. Ninayecheza naye ni kaka yangu. Tulikua tukigombania pedi moja nyumbani Lindi, na sasa yeye ni karani wa chama cha msingi huko Masasi. Msimu huu wa korosho anashinda ghalani kwenye mizani, anarudi usiku vumbi hadi kwenye nyusi, na Jumamosi saa 3 ndiyo nafasi yetu. Hadi leo natumia bando la simu, na bando linakwisha kabla hatujamaliza kutaniana.

Niko tayari kuileta mashine ofisini ikaguliwe, au fundi aje chumbani siku yoyote baada ya saa 9 alasiri, isipokuwa Alhamisi nina kipindi hadi jioni. Kuna wenzangu watatu bwenini wenye mashine kama hii wanaosubiri kuona nitajibiwa nini. Kama mnaona ni vyema kuanza na moja kwa majaribio, naomba iwe yangu, maana ya kwangu mmeshaifahamu.

Wako mtiifu,

Hamisi S. Namkoko
Mwanafunzi, mwaka wa pili

Viambatisho: bahasha ya anwani ya MAC, nakala ya kitambulisho cha mwanafunzi
Nakala: Mshauri wa Wanafunzi