Bima ya mazishi ya chama: nani HALIPIWI na kwa nini (soma kabla ya Jumanne)

Wamama wenzangu, na wale wababa watano tulio nao, salamu sana. Hii ni kazi mliyonipa mkutano wa Mei, nisome ile hati ya bima yote kurasa 19 nitoe kila mahali inaposema huyu hatumlipii. Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimefunga kibanda mapema hapa Kibuye nikae nayo vizuri, kwa sababu yale maneno hayako mahali pamoja. Kuna sehemu ya 7 imeandikwa wazi "yasiyolipiwa" na sisi wote tulikuwa tunadhani ni hiyo tu, kumbe nyingi ziko sehemu ya 1 kwa maana ya maneno, zingine sehemu ya 3, zingine kwa jedwali la ukurasa wa 15, na moja kubwa iko kwa nyongeza ya ukurasa wa 18 ambayo hata mimi katibu sikuwa nimeifungua tangu tupewe.

Mnajua kwa nini tuko hapa. Februari mwenzetu alizika kijana wa marehemu dada yake, amemlea tangu miaka mitatu, amemsomesha, kijana anamwita mama, na klemu ikarudi kwamba huyo si mtoto. Tukachanga usiku kucha kwa M-Pesa ndio mwili utoke mochari ufike dala. Sitaki tena mtu ajulie hayo mbele ya jeneza.

Hivi ndivyo ya kusoma jedwali: safu ya kwanza ni nani, ya pili ni sababu vile hati inasema lakini kwa maneno yetu, ya tatu ni kifungu ili ukitaka kuhakikisha ufungue mwenyewe, ya nne ni kama kuna njia ya kumwingiza. Pale nimeandika "hakuna" usihangaike na karatasi, weka akiba kando.

| Nani halipiwi | Kwa nini | Kifungu | Kuna njia? |
|---|---|---|---|
| Mtoto wa kulea: wa dada, wa kaka, mjukuu | "Mtoto" maana yake wa kuzaa mwenyewe au aliyeasiliwa kisheria | 1.6 | Ndiyo. Nyongeza uk. 18: ukiwa na amri ya korti ya ulezi, wawili wanaingia. Barua ya chifu haitoshi |
| Mtoto aliyefika 18 na hasomi | Umri wa mtoto unaishia 18 | 3.4 | Akiwa chuo kilichosajiliwa, hadi 25, barua ya chuo kila mwaka |
| Kijana anayejifunza kazi kwa fundi | Gereji au salun si chuo kilichosajiliwa | 3.4 na 1.9 | Hakuna |
| Mtoto aliyeoa au kuolewa, hata kama ana 19 na yuko chuo | Amehesabiwa ana nyumba yake | 3.4(c) | Hakuna |
| Mke wa pili | Nafasi ya mwenzi ni moja | 3.2 | Hakuna kwa hati hii. Akiwa mwanachama mwenyewe analipiwa kama mwanachama |
| Watoto wa nyieka wako | Si wa kuzaa wako | 1.6 | Mama yao ajiunge |
| Mwenzi mliyeachana kwa korti | Ndoa imeisha kisheria | 3.2(b) | Hakuna. Mkiwa mmetengana tu bila karatasi, bado analipiwa |
| Mzazi au mkwe aliyezidi 75 siku ya kuandikwa | Umri wa kuingia unaishia 75 | Jedwali uk. 15 | Aliyeingia kabla ya 75 anaendelea, soma chini |
| Wakwe wa mjane | Wanaolipiwa ni wazazi wa mwenzi "aliyeandikwa", na marehemu hayuko kwa orodha | 3.5 | Bado tunaongea nao, soma chini |
| Mama wa kambo, baba mdogo, nyanya, babu, ndugu na dada | Hawajatajwa popote | 3.5 | Hakuna |
| Mtu mpya aliyefariki kwa ugonjwa kabla ya miezi 3 | Muda wa kungoja | 6.1 | Ajali inalipwa kuanzia siku ya kwanza |
| Aliyejitoa uhai kabla ya miezi 12 | Muda wa kungoja mrefu | 6.3 | Baada ya miezi 12 analipiwa kama wengine |
| Mimba iliyotoka kabla ya wiki 28 | Hati inahesabu kuanzia wiki 28 | 1.7 | Hakuna. Mtoto aliyezaliwa amekufa baada ya wiki 28 analipiwa nusu |
| Mtoto mchanga asiyeandikwa baada ya siku 60 | Siku 60 za kwanza analipiwa bila jina, baadaye lazima jina | 3.6 | Nitumie jina mapema |
| Aliyekaa nje ya Kenya zaidi ya miezi 6 mfululizo | Bima ni ya wakaaji wa Kenya | 7.4 | Akirudi aandikwe upya, na miezi 3 inaanza tena |
| Aliyefariki akishiriki fujo | Hati inasema "akishiriki" | 7.2 | Aliyekuwa anapita tu analipiwa |
| Yeyote, klemu ikifika baada ya siku 90 | Muda wa kudai umepita | 9.1 | Hakuna |

Sasa niseme kwa urefu yale yanayonisumbua, mengine yako wazi.

La kwanza ni wakwe wa wajane. Kwetu sisi kati ya watu 46, wajane ni 11, nimehesabu. Mjane huku kwetu hahami kwa sababu mume amekufa, yuko kwa boma lile lile, mama mkwe ni mama yake, na siku huyo mama akilala watu wote wanaangalia mjane ndiye atachinja nini. Lakini hati inasema "wazazi wa mwenzi aliyeandikwa", na sisi kila mwaka tukijaza fomu upya tunaacha nafasi ya mwenzi wazi kwa sababu mwenzi hayuko. Kwa hivyo mzee anapotea kwa orodha bila mtu kuambiwa, na pesa tunalipa ile ile. Nimeandikia ajenti nikauliza tuweke maneno "au marehemu mwenzi", akasema kwa simu haoni shida lakini simu si karatasi. Mpaka nione nyongeza imepigwa muhuri hao wakwe nitaendelea kuwaandika kwa safu ya wasiolipiwa, na nawaomba wajane wote 11 mnielewe, afadhali mjue hivyo kuliko mtegemee kitu ambacho hakiko.

La pili ni hii ya miaka 75, na hapa ndipo kuchelewa kwetu kunatuumiza. Mzazi aliyeingia akiwa na 72 sasa ana 77, yuko ndani na anaendelea kuwa ndani, lakini kifungu 8.2 kinasema "mradi bima haijakatika". Tunapewa siku 30 baada ya tarehe 30 Juni kulipa. Tukipitisha hizo siku, hata kwa siku moja, bima ya Julai inakuwa mpya kabisa: kila mtu anarudi kungoja miezi 3, na wazee wetu wote waliopita 75 wanatoka na hawawezi kurudi tena. Wako 14 kwa orodha yetu. Mwaka jana tulilipa siku ya 27, jameni, na tulikuwa tunangojea watu watatu tu wamalize. Mimi naomba mkutano uamue chama kitoe kwa akiba kwanza halafu wenye deni walipe polepole, kwa sababu deni la mmoja lisitoe mama za watu 14 nje.

Watoto wa kulea. Njia iko lakini ni ya korti, na najua hilo neno linaogopesha. Kile hati inataka ni amri ya ulezi, si lazima uasili. Barua ya chifu ni nzuri kwa kuanzia, inaonyesha umeishi na mtoto, lakini peke yake walishaikataa hiyo Februari. Kama unalea zaidi ya wawili utachagua, na hilo sina maneno yake, ni gumu. Mwenye mtoto wa kulea anitumie jina na umri kwa inboksi yangu, si kwa grupu, tujue ni wangapi kabla ya kutafuta wakili mmoja wa kutusaidia wote pamoja.

Wake wa pili, nimeulizwa sana na wababa. Kama nyieka wawili wote ni wanachama na wote wameandika mume yule yule, bima inalipa mume mara moja tu, kifungu 5.4, kwa yule aliyeandika kwanza. Mkae chini nyumbani muelewane ni nani anaandika, mwingine aache ile nafasi. Na wenye ndoa ya kimila ambao hawana cheti: hati inakubali kiapo cha wakili, lakini cheti ni bora, na tangu Sheria ya Ndoa ya 2014 ndoa ya kimila inasajiliwa kama zingine, hata ile ya wake wengi.

Hiyo ya fujo msiogope sana. Sisi wa Kisumu tunajua siku ya maandamano vile Kondele inakuwa, mtu ametoka tu kuchukua mzigo wa omena anajikuta katikati. Neno ni "akishiriki", na anayepaswa kuonyesha ulishiriki ni wao, imeandikwa hivyo 7.2 mstari wa mwisho. Karatasi zikiwa sawa, wadai wao.

Wenye watoto Saudia na Qatar, miezi 6 ikiisha hayuko ndani hata kama jina bado linaonekana kwa orodha. Busia upande wa pili kununua mzigo na kurudi haikuhusu, hiyo ni siku chache, lakini kama ajali ikitokea huko, gari la kurudisha mwili hadi mpaka ni lako.

Kuna kitu kimoja sijaweka kwa jedwali kwa sababu hati inajipinga. Kifungu 3.3 kinasema mtoto mlemavu analipiwa umri wowote, jedwali la ukurasa wa 15 linasema hadi 25 bila kutaja ulemavu. Nimeuliza kwa barua tarehe 9 Juni nikitaka waandike lipi linashinda. Wenye watoto hao wako wanne, nimewapigia kila mmoja, na majibu yakija nitawapigia tena.

Mkutano ni Jumanne tarehe 24 Juni saa kumi jioni pale kwa kawaida. Kuja na kitambulisho chako, cha mwenzi, nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na miaka ya wazazi kamili kama iko kwa kitambulisho chao, si kukisia, kwa sababu mwaka jana mzee mmoja tuliandika 74 na kitambulisho kinasema 76. Orodha ya mwisho napeleka Ijumaa tarehe 27. Kama umeona jina la mtu wako kwa safu ya kwanza na unafikiri nimekosea kifungu, nipigie hata usiku, nitafungua hati tusome pamoja.