Dokezo la Sita

Ilipofika saa tano na dakika arobaini na tatu, Rehema alijumlisha upande wa mali kwa mara ya pili, na kalkuleta ikampa jibu lile lile: 214,600. Upande wa mtaji na madeni nao ulisoma 214,600, yote kwa maelfu ya shilingi. Mizania imebalansi. Akachukua rula, akapiga mistari miwili chini ya kila jumla, akashusha pumzi.

Aliyewahi kufanya mtihani wa uhasibu anaijua raha hiyo. Swali la alama ishirini na tano, lenye vocha, uchakavu na madeni yenye shaka, linakunyanyasa saa nzima, halafu pande mbili zinakutana kwenye tarakimu moja. Mwili mzima unalegea. Rehema aliingia kwenye mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, akitokea moja kwa moja dukani Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako ni karani wa hesabu kwenye duka la vitenge vya jumla. Alikuwa akisoma usiku, baada ya kufunga. Jumla ile aliitolea jasho.

"Watahiniwa, zimebaki dakika kumi na tano," msimamizi akatangaza. "Hakikisheni namba zenu za mtihani zipo kwenye kila karatasi."

Rehema akahakikisha. Kisha akageuza karatasi ya maswali, kuona tu kama swali lilikuwa na kipengele (b).

Halikuwa nacho. Ila juu kabisa ya ukurasa wa nyuma, kabla ya swali linalofuata, palikuwa na mistari miwili peke yake: *(vi) Mauzo ya Disemba yanajumuisha ankara ya shilingi 6,000,000 ya bidhaa alizopelekewa mteja kwa makubaliano ya kuuza au kurudisha. Hadi tarehe 31 Disemba mteja hakuwa amethibitisha kuzichukua. Bei huwekwa kwa kuongeza asilimia 25 juu ya gharama.*

Akaisoma tena. Mali kauli! Kitu anachokishika kila siku ya Mungu. Dukani kuna daftari lake pekee, lenye jalada jekundu, la akina mama wa Morogoro na Dodoma wanaobeba majora kwa kauli, wauze ndipo walipe. Wiki ya kwanza kazini, Rehema aliwahi kuandika mzigo wa mmoja wao kwenye mauzo, na Mzee mwenye duka akamwita, akamwonyesha kwa kidole: "Mwanangu, kitenge kilichoko Morogoro ambacho yule mama hajakiuza ni changu bado. Ukiniandikia nimeuza, unanidanganya mimi mwenyewe." Mzee hajawahi kusikia habari za IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu mapato, lakini alichosema ndicho hicho: pato halihesabiwi mpaka mteja awe ameishika mali iwe yake.

Na mizania ya Rehema, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa imemhesabu mteja yule kama mdaiwa. Ilibalansi kwa sababu kosa lenyewe lilikaa pande zote mbili: wadaiwa walizidi, na faida nayo ikazidi. Kosa la namna hiyo jumla hazilioni.

Dakika kumi na mbili. Angeweza kuacha. Jirani yake wa kushoto alishafunga kijitabu na kukunja mikono. Kukata kazi safi ya saa nzima dakika za mwisho kunahitaji moyo, na wengi waliojaribu waliharibu hata kile kilichokuwa sawa.

Akaanza na hesabu ya pembeni, si mizania. Muda ukimwishia, msahihishaji aikute njia yake hata kama tarakimu za mbele hazijabadilika. Akaandika haraka, kwa herufi zinazosomeka:

*Hesabu ya 7. Gharama: 6,000 × 100/125 = 4,800. Mauzo na wadaiwa: punguza 6,000. Bidhaa za mwisho: ongeza 4,800. Faida inapungua 1,200.*

Kisha akarudi mbele. Mstari mmoja juu ya kila tarakimu ya zamani, mpya juu yake. Mauzo, akapunguza. Bidhaa za mwisho, akaongeza, mara mbili: kwenye gharama ya mauzo na kwenye mizania. Faida ikatoka 31,750 ikawa 30,550. Wadaiwa wakatoka 48,000 wakawa 42,000, na mkono ukaendelea wenyewe kwenye tengo, kiasi kinachowekwa kando kwa ajili ya madeni yenye shaka, asilimia 5 ya wadaiwa: 2,400 ikawa 2,100.

"Dakika tano."

Akajumlisha mali: 213,700. Mtaji 140,000, jumlisha faida 30,550, toa 18,000 alizochukua mwenye biashara, jumlisha mkopo 36,000, wadai 22,400 na gharama zinazodaiwa 2,450. Jumla 213,400.

Hazikukutana.

Vidole vyake vilikuwa vimelowa kiasi kwamba kalamu iliteleza. Akajumlisha upya, jibu likawa lile lile. Tofauti ilikuwa 300. Alifundishwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa mbili, utafute kiasi kilichokaa upande usio wake. Akaitafuta 150 kwenye kurasa zote, macho yakiruka, hakuiona. "Dakika mbili," sauti ikasema, na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Rehema akaacha kutafuta. Akajiuliza swali moja: mia tatu ni nini ya nini? Nayo ikajibu papo hapo. Mia tatu ni asilimia tano ya elfu sita. Tengo! Alilipunguza kwenye mizania, akalisahau kwenye taarifa ya mapato. Tengo la mwanzo wa mwaka lilikuwa 1,900, kwa hiyo gharama ya mwaka haikuwa 500 tena. Ilikuwa 200.

Akaikata 500, akaandika 200. Faida 30,850. Akashuka kwenye mizania, akakata 30,550 aliyoiandika dakika chache nyuma, akaweka 30,850 pembeni kwa sababu juu hapakuwa na nafasi tena. Jumla ya mtaji na madeni: 213,7...

"Muda umekwisha. Kalamu chini."

Sifuri mbili zilikuwa zimeshatoka pamoja na neno la mwisho la msimamizi. Mistari miwili ya chini hakuipiga. Rula ilikuwa pale pale karibu na kiwiko, lakini kanuni ni kanuni, akaweka kalamu mezani na kukaza mikono magotini mpaka kijitabu kilipochukuliwa. Ukurasa ule ulikuwa na makovu kila mahali. Hakuuonea aibu.

Nje, chini ya mwarobaini, watahiniwa walishaanza kulinganisha majibu kwa sauti. "Mia mbili kumi na nne na mia sita!" mmoja akapiga kelele, na wengine wanne watano wakaitikia kwa kugonganisha viganja. Neema, mdogo wao kwenye kundi la kusoma, akamjia Rehema mbio, uso unang'aa. Hii ilikuwa mara yake ya pili kulifanya somo hili.

"Dada Rehema, yangu imebalansi! Ya kwako je?"

Rehema akamtazama. Karatasi ya maswali ilikuwa mkononi mwa Neema, imekunjwa, ukurasa wa nyuma ukiwa ndani.

"Na yangu imebalansi," akasema. "Hiyo karatasi itie kwenye mkoba, mdogo wangu. Kesho asubuhi tuna Sheria za Biashara, na mimi sura ya mikataba ya uwakala bado inanisumbua. Twende tukale kwanza."

"Lakini tulinganishe tu jumla..."

"Ijumaa," Rehema akasema, akamshika mkono. "Ijumaa tukimaliza yote, tutakaa mimi na wewe, tuipitie mwanzo mpaka mwisho."